Mwaliko wa Siku ya Majaribio ya Kazi kwa Fundi wa Nguo za Kike

Karakana ya Ushonaji, Kariakoo, Dar es Salaam
1 Aprili 2026

Ndugu Fundi,

Salaam. Tumeisoma barua yako ya kuomba kazi ya ushonaji wa nguo za kike na tumeziangalia picha ulizotutumia. Tumeridhika kwamba wewe ni miongoni mwa mafundi sita tunaopenda kuwaona wakiwa kazini kabla ya kuwachagua wawili. Kwa hiyo tunakualika katika siku ya majaribio itakayofanyika Jumanne, tarehe 14 Aprili 2026, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, hapa karakanani kwetu, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Ukifika kituoni, piga namba iliyokutumia barua hii, na kijana wetu atakuja kukupokea.

Siku hiyo utalipwa shilingi 25,000 kwa kazi na shilingi 5,000 za nauli. Utapewa fedha hizo mkononi au kwa simu, kama utakavyopenda, kabla hujaondoka, uwe umechaguliwa au hukuchaguliwa. Ninalisema jambo hili mapema kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa ninaanza ufundi, niliwahi kushona siku tatu mfululizo mahali nilipoambiwa ninajaribiwa. Sare nilizoshona ziliuzwa, nami nikaambiwa nisubiri kupigiwa simu ambayo haikupigwa. Anayekaa kwenye cherehani kutwa amefanya kazi, na kazi ina ujira. Kwa sababu hiyo hiyo, gauni utakalolishona halitauzwa. Atapewa mwenzetu utakayempima, na wewe unaruhusiwa kulipiga picha uiweke pamoja na kazi zako nyingine.

Utakachoshona ni gauni moja la kitenge lenye bitana, mikono mifupi, zipu ya kujificha mgongoni na urefu unaovuka magoti. Tutakukabidhi kitenge yadi 4, bitana, gamu, zipu na uzi. Kitenge tulichokichagua kina michoro ya ndege wanaotazama upande mmoja, nasi tumekichagua makusudi, maana fundi anayekata haraka bila kukifungua kitambaa chote kwanza hujikuta ndege wa mbele wamesimama na wa nyuma wako kichwa chini. Hatutakupa karatasi iliyokwisha kuchorwa. Utachukua vipimo mwenyewe kwenye mwili wa mtu, uviandike kwa inchi, kisha uchore na kukata kwa namna uliyoizoea. Ukitaka kukilowesha kitenge na kukipiga pasi kabla ya kukata ili kisije kurudi baada ya kufuliwa, beseni na pasi vipo, na muda utakaoutumia hautahesabiwa dhidi yako.

Tafadhali njoo na mkasi wako, kwa kuwa kila fundi anajua mkono wake umezoea mkasi upi, pamoja na futi yako na miwani ikiwa unaitumia kazini. Njoo pia na nguo moja uliyoishona mwenyewe tangu kukata hadi kumalizia, hata kama imekwisha kuvaliwa, kwa sababu picha huonyesha umbo la nguo lakini haionyeshi upande wa ndani, na sisi tunaanza kuitazama nguo kwa kuigeuza. Lete kitambulisho cha taifa au namba yake. Kama bado hujakipata, kitambulisho cha mpiga kura au barua ya serikali ya mtaa inatosha. Cheti cha VETA ukiwa nacho tutakiona kwa furaha, lakini asiye nacho asibaki nyumbani, kwani kati ya mafundi tunaowategemea leo wapo waliojifunzia barazani kwa shangazi zao. Huna haja ya kuleta cherehani, sindano, chaki wala uzi. Mama anayenyonyesha anaweza kuja na mtoto na msaidizi wake. Kipo chumba cha pembeni chenye feni.

Utapewa cherehani ya umeme ya kiwandani, na kabla ya kazi kuanza utakuwa na nusu saa ya kuizoea kwenye vipande vya kitambaa chakavu, kwa kuwa mashine hizi zina kasi kubwa na humshtua aliyezoea ya kukanyaga. Umeme ukikatika, muda wako utasimamishwa, au utahamia kwenye cherehani ya kukanyaga ukipenda. Sindano ikivunjika au kitambaa kikiharibika, hutakatwa hata senti moja. Saa 7:00 mchana tutapumzika kwa saa nzima, kwa chakula tutakachokigharamia sisi na kwa sala.

Kazi yako itapimwa na watu wawili, mkataji wetu mkuu na mimi, na kila mmoja ataweka alama zake peke yake kabla ya kulinganisha. Magauni yataletwa mezani yakiwa na namba badala ya majina, ili nguo ijisemee yenyewe. Jumla ya alama ni 100: vipimo ni 15, kukata ni 30, mshono ni 30, umaliziaji na upigaji pasi ni 15, na utunzaji wa kitambaa na usafi wa meza ni 10. Kwenye kukata tutaangalia kama michoro imekutana katikati ya mgongo na kama umeacha akiba ya kutosha mishononi, maana mteja wa nguo za kike hurudi baada ya miezi kadhaa akitaka iachiwe kidogo. Kwenye mshono tutaangalia zipu isiyofanya mawimbi, kwapa lisilovuta na bitana isiyochungulia chini ya pindo. Mwishoni mwenzetu atalivaa gauni, ataketi na kuinua mikono, na hapo ndipo alama za vipimo zitakapotolewa.

Kasi haina alama. Ukifika saa 10:00 jioni na gauni bado halina pindo, tutapima ulichokifanya, na alama utakazokosa ni za umaliziaji tu. Ukikosea kukata, sema mara moja. Kipande cha akiba kipo, na hutapunguziwa alama kwa kukiomba. Kinachotusumbua ni kosa lililofichwa chini ya pasi, kwa sababu hilo hugunduliwa na mteja.

Anayestahili kufikiriwa ni mwenye alama 70 au zaidi. Kabla ya kuondoka utaonyeshwa alama zako na kuelezwa sababu zake ukiwa na gauni lako mkononi, na majibu ya mwisho yatatolewa kwa simu kwa wote sita, Ijumaa tarehe 17 Aprili kabla ya saa 10:00 jioni. Watakaochaguliwa wataanza Jumatatu tarehe 4 Mei kwa mkataba wa maandishi, mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi na michango ya NSSF.

Huu ni msimu wa masika, na wanaotoka Kimara, Mbezi na Magomeni wanajua hali ya Jangwani bonde likijaa maji. Barabara ikifungwa, tupigie kabla ya saa 3:00 asubuhi, nasi tutakupokea Alhamisi tarehe 16 Aprili kwa masharti na malipo haya haya. Tunaomba ututhibitishie kwa ujumbe wa simu ifikapo Ijumaa tarehe 10 Aprili kama utakuja, na ututajie kama kuna chakula usichokula.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa Karakana