Salamu za Jumatatu asubuhi kwa mafundi na vibarua, saiti ya Njiro, Arusha

Jamani, sogeeni. Njooni hadi hapa kwenye kokoto, huko nyuma hamtanisikia. Mashine ya zege sijaiwasha makusudi, na haitawashwa mpaka tumalize kuongea. Wewe na karai lako, liweke chini, hakuna mtu atakuibia.

Shikamooni wazee wangu. Asanteni. Vijana nimewasikia, marahaba, marahaba. Na nyie machalii wa Unga Limited ambao shikamoo inawakwama kooni, mambo vipi? Poa, haya. Wa Monduli, sopa! Naam, hiyo "ipa" imetoka tumboni, huyo amekunywa chai. Dada zetu wa kubeba maji, habari za asubuhi? Watoto wameamkaje? Yule mdogo aliyekuwa na homa? Mshukuru Mungu.

Poleni na mvua. Najua kuna waliotembea kwa miguu kutoka Muriet kwa sababu bodaboda zimegoma kupita kwenye tope, na bado saa moja na robo mko hapa. Nimehesabu watu thelathini na nane. Mlima Meru hatujauona tangu Ijumaa, na kwa mawingu yale sidhani kama tutauona leo. Ndiyo masika yenyewe, tutafanya kazi nayo.

Kabla sijaendelea, kuna swali la kila Jumatatu. Nani hakulala? Nani anaumwa? Sina ugomvi na mbege ya mtu, Jumapili ni yake. Lakini anayejijua kichwa bado kinazunguka asipande jukwaani. Aje aniambie pembeni, tukimaliza hapa, leo atapanga matofali chini na siku yake italipwa ileile. Nampenda huyo kuliko anayejikaza mpaka atudondokee.

Sasa. Leo afisa usalama wetu ana maneno marefu kidogo, na mimi sitaki kumlia muda wake. Kazi yangu ni kuwasalimia tu. Ila salamu ya leo ina deni ndani yake, na mwenye deni ni mimi. Nivumilieni nililipe mbele ya wote, kwa sababu kosa nalo nililifanya mbele ya wote.

Alhamisi, saa tano hivi, tulikuwa tunapandisha zege la slabu. Mnakumbuka. Saidia fundi mmoja, yule mrefu, amesimama pale karibu na fundi bomba, akapiga kelele winchi isimame. Winchi ikasimama. Zege liko kwenye ndoo, lingine kwenye toroli, gari la mchanga linapiga honi getini, na mimi nimekuja mbio kutoka stoo na hasira zangu. Nikamuuliza yeye ni nani hata asimamishe kazi ya watu. Nikamwambia kama amechoka aende nyumbani kwao akalale. Mlinisikia. Wengine mlicheka.

Yeye alikuwa ameona kamba ya waya imechanua nyuzi karibu na ndoano. Ijumaa fundi wa winchi alipokuja, aliishika mara moja tu, akaitupa. Akasema hii ingekatika, kilichobaki ni kujua siku. Kamba mpya mnaiona pale juu inang'aa. Na mimi kuanzia Ijumaa mpaka leo nimepita mbele ya yule kijana labda mara kumi, na sikumwambia kitu. Nilijifanya nina haraka.

Kijana wangu, nisamehe. Ulikuwa sahihi, nami nilikukosea. Asante.

Msipige makofi bado, deni halijaisha.

Jumamosi, kwenye shimo la tangi la maji. Walikuwa sita mle chini. Mmoja wao, sitamwonyesha kwa kidole, aliona ufa kwenye ukingo, upande wa ukuta wa jirani, pale tulipolundika udongo. Alimwambia mwenzake. Mwenzake akamjibu, "Wewe nyamaza, hukumwona yule wa Alhamisi?" Wakaendelea kuchimba mpaka saa kumi.

Mnajua nani aliyeniambia? Si fundi mkuu, wala mlinzi. Ni mama ntilie. Aliwasikia wakisimuliana huku wanakula makande, akanipigia simu Jumapili, nimetoka kanisani, hata tai sijavua. Akaniambia, "Baba, watoto wako wanasema shimo limepasuka." Nikaja na nguo zangu za Jumapili. Ufa ulikuwa na urefu wa hatua nne, kidole changu kiliingia chote.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi hii, kabla hamjafika, nimekwenda tena na tochi. Upande ule wote umelala ndani ya shimo. Sululu mbili zilizoachwa Jumamosi ziko chini yake, na ngazi imebaki vipago vitatu juu. Mkitoka hapa mtapita mkaangalie, lakini nyuma ya utepe, na mwende polepole. Nataka mwone kwa macho yenu mahali walipokuwa wamesimama wale sita.

Udongo mbichi, mita moja tu kwa mita moja kwa mita moja, unakaribia tani mbili. Chukueni Noah ya kwenda Usa River, ijazeni abiria kama makondakta wanavyojua kujaza, halafu muilaze juu ya kifua cha mtu. Wala si lazima ukufunike kichwa. Ukikufika kifuani tu inatosha, kila ukitoa pumzi unakubana zaidi, na pumzi nyingine haina pa kuingia. Wenzako watakuwa juu wanakuona usoni na hawana la kufanya. Wakiruka ndani kukuokoa, ukingo wa pili unawafuata.

Wazee wa hapa Arusha hawahitaji kusimuliwa. Aprili mwaka 2013, hapo Moshono, machimbo ya moramu yaliporomoka kipindi cha mvua kama hizi, na watu zaidi ya kumi wakafia pale. Walikuwa watu wa kazi kama sisi, waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta hela ya siku. Nimepita pale mara nyingi na lori la moramu, na kila nikipita naangalia ule ukingo.

Kwa hiyo nimekaa jana jioni nikajiuliza, yule kijana wa shimoni alinyamaza kwa nini? Hakuwa mjinga, ufa aliuona kabla ya fundi. Wala hakuwa mvivu. Alinyamaza kwa sababu ya Alhamisi. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Elfu kumi na tano yake ya siku ilikuwa mdomoni mwangu, na alikwisha niona namna ninavyofungua mdomo.

Nami hili nalijua kutoka upande wa pili. Nilipokuwa saidia fundi, kwenye saiti moja huko Moshi, nilipanda jukwaa nikasikia mrunda mmoja unalia. Mrunda ukilia unajua. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa matusi, nikasema nikimwambia atanifukuza, wacha nimalize siku. Jioni lilishuka na wawili. Mmoja alipona kabisa. Mwingine mpaka leo anatembea anaburuta mguu, ana duka la rejareja, tukikutana ananikaribisha soda. Hajawahi kujua kwamba mimi nilisikia ule mrunda saa nne asubuhi.

Haya, tuyaache hayo.

Kuanzia leo kwenye saiti hii neno ni moja, "Simama." Akilisema fundi mkuu, tunasimama. Akilisema kibarua aliyeanza kazi leo asubuhi, tunasimama. Akilisema mama ntilie na mwiko wake, tunasimama. Winchi inasimama, mashine inazimwa, aliye shimoni anatoka, ndipo tunauliza kuna nini. Tusianze kuuliza kabla. Na mkiniona mimi nafanya ujinga, nimepita chini ya ndoo au nimevua helmeti kwa sababu ya joto, niambieni mimi pia. Nitakasirika kidogo, mnanijua, lakini nitasimama.

Mkisimamisha kazi na ikaonekana hakuna kitu, tumepoteza dakika tano na zege toroli moja. Hiyo nitamweleza bosi mimi mwenyewe. Hakuna siku ya mtu itakayokatwa kwa kusema "simama". Nimeshaongea na mwenye mradi jana usiku, amekubali, na msimamizi wa stoo ni shahidi. Wala si hisani yangu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mfanyakazi akiona hatari aseme. Mimi ndiye niliyekuwa nawazuia.

Najua kuna mmoja wenu, na mnajua ni nani, ameshaanza kupiga hesabu ya kusema "simama" kila nusu saa akavute sigara. Ndugu yangu, nimekaa saiti miaka ishirini. Sigara yako naijua kwa harufu.

Kuhusu leo, shimoni haingii mtu. Si kutoa sululu wala kuvuta ngazi, hata simu yako ikidondoka mle iache. Wale sita wa tangi watakuwa na mimi, tutarudisha udongo nyuma, mbali na ukingo, halafu tukate mirunda na mbao za kukingia kuta. Pampu ya maji inakuja saa nne. Tangi likichelewa, litachelewa. Wa nondo na wa matofali mnaendelea kama kawaida. Slabu tutaimwagia maji kama mvua haitatusaidia, ingawa kwa dalili hizi itatusaidia mno.

Chai ni saa nne kamili. Nimemwambia mama ntilie leo chapati moja moja ni juu yangu, watu thelathini na nane, na yake yeye ya thelathini na tisa. Simu yake ya jana ina thamani kuliko hiyo, lakini ndicho nilichokuwa nacho mfukoni.

Sasa namkaribisha dada yetu wa usalama. Atazungumza kuhusu kuta za shimo, jukwaa lililolowa, na namna ya kukagua kamba ya winchi kabla ya kuiwasha. Amemwomba kijana wetu wa Alhamisi amsaidie kuonyesha hiyo kamba, ile ya zamani nimeitoa stoo, iko hapa. Msikilizeni, na asiyeelewa aulize. Akitumia neno gumu mwambieni arudie, hakasiriki kama mimi.

Dada, karibu. Ah, subiri kidogo. Wewe uliyejificha nyuma ya pipa la maji na kandambili zako, nimekuona tangu nilipoanza kusalimia. Nenda stoo uchukue gambuti. Namba nane zipo. Nenda tu, tunakusubiri.