Barua ya Kumkaribisha Mama Aliyerudi na Lalamiko la Kasha

Langoni, Lamu
Jumatano, baada ya Alasiri

Kwako mama yangu mheshimiwa,

Assalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Shikamoo. Natumai barua hii inakufikia ukiwa umekwisha kupumzika, kwani kutoka Malindi hadi Mokowe kwa basi, kisha kuvuka maji hadi huku kisiwani, ni safari inayomchosha hata kijana. Karibu tena Lamu, na karibu tena dukani kwetu. Nimeelezwa kwamba safari hii umekuja na jambo moyoni kuhusu lile kasha ulilolinunua kwetu, nami nakuomba uingie nalo jambo hilo kama lilivyo, usilipunguze kwa kutuonea haya.

Jana ulipofika hukunikuta, kwa kuwa nilikuwa nimevuka kwenda Mokowe kupokea mbao. Ulimkuta kijana wangu, na ulipoanza kumweleza habari ya mfuniko, alikukatiza akakuambia kwamba mbao ndivyo zilivyo. Ukanyamaza, ukajifunga buibui lako, ukaondoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza hayo jioni, bila kuficha, na nimemwambia wazi kwamba alikosea. Huenda mbao zina tabia yake, lakini yeye hakuwa ameliona kasha wala hakuwa amekusikiliza hadi mwisho, na mtu aliyetoa fedha zake hajibiwi kabla hajamaliza kusema. Kwa hilo nakuomba radhi mimi mwenye duka, na yeye atakuomba radhi kwa kinywa chake utakapofika.

Baada ya kuzungumza naye nilifungua daftari la mauzo. Ukurasa wako upo, umeandikwa kwa mwandiko wangu mwezi wa Machi: kasha moja la mbambakofi, urefu wa futi 4, misumari ya shaba upande wa mbele, droo 3 chini, tumbuu na kufuli, bei shilingi 46,000, zimelipwa 30,000 siku ya kuagiza na 16,000 siku ya kuchukua. Pembeni nimeandika maneno mawili: “la arusi”. Nilipoyasoma nilikumbuka jinsi ulivyosimama ukipitisha kiganja juu ya mfuniko, ukaniambia kwamba binti yako angetia humo kanga na leso zake, na kwamba ulitaka kitu atakachokuja kumrithisha mwanawe. Kwa hiyo siwezi kulichukua lalamiko hili kama la meza ya jikoni. Ikiwa kasha lile limemwaibisha binti yako mbele ya wakwe zake, au limeharibu nguo zake, hasara hiyo haihesabiki kwa shilingi peke yake, na ningependa uniambie hivyo hasa ilivyokuwa.

Nimeamua nisikuulize lolote katika barua hii kuhusu sababu, wala nisikueleze mambo ya mbao kwa urefu, ingawa mkono unaniwasha kufanya hivyo kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Maneno yako yatangulie, yangu yafuate. Utakapokaa, anza popote unapotaka: siku mliyoliona tatizo, au safari ya kulipeleka Malindi, au hata namna tulivyokupokea siku ya kwanza, ikiwa hapo nako kulikuwa na dosari. Sitakukatiza. Ukikasirika, kasirika, mama yangu, una haki, na mimi nitakuwa nimekaa palepale. Nikishakusikia nitakurudilia kwa maneno yangu niliyoyaelewa, ili uniambie kama nimepata au nimekosa, na nitayaandika katika ukurasa uleule wa daftari chini ya mauzo, ili yasipotee.

Hapo ndipo nitakapokuomba ruhusa ya kuuliza machache. Nitataka kujua kama mfuniko umepasuka au umepinda, kama ulianza kufanya hivyo mapema au baada ya miezi, na kasha limewekwa wapi ndani ya nyumba. Tafadhali usidhani kwamba nitauliza hivyo ili nikutupie lawama wewe au binti yako. Ubao husinyaa zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu, na fundi akiutumia kabla haujakauka vizuri, au akiubana kwa misumari pasipo kuuachia nafasi ya kutembea, utapasuka hata ukitunzwa namna gani. Kosa la namna hiyo ni la karakana. Majibu yako ndiyo yatakayonionyesha kama lilitendeka kwetu, na kipande kilichobaki cha ubao uleule ninacho bado rafuni, tutakitazama pamoja mchana kweupe.

Huna haja ya kuja na risiti, kwani daftari linatosha. Ikiwa binti yako amepiga picha kwa simu, zitasaidia sana, hasa ya mfuniko ukiwa wazi na ya bawaba kwa karibu. Ikiwa hakuna picha, kauli yako inatosha kuanzia.

Siwezi kuahidi leo kama ni kutengeneza, kubadilisha mfuniko mzima, au kukurudishia fedha zako, kwa sababu kuahidi kabla ya kusikia ni kosa lilelile alilolifanya kijana wangu, ila kwa sura nyingine. Lakini mawili nayaahidi sasa hivi. Ikihitajika kasha lirudi Lamu, gharama ya gari, ya mashua na ya mkokoteni kutoka gatini ni juu yangu, kwenda na kurudi. Na hutaondoka dukani bila kujua ni nini kitafanyika na siku gani. Isitoshe, Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Nakutajia haya ili ujue kwamba unaponiletea lalamiko hili hunibembelezi. Unadai kilicho chako.

Kesho Alhamisi baada ya Alasiri nitakuwa dukani na sitatoka. Wakati huo jua limepungua, na randa na misumeno itakuwa imenyamaza, kwa hiyo tutasikilizana bila kupaza sauti. Tutakaa barazani nyuma, si pale mbele Usita wa Mui ambapo kila apitaye husimama kusalimu. Njoo na yeyote unayempenda akusindikize. Ikiwa miguu bado ina uchovu, mwambie mjukuu aliyeleta barua hii kwako, nami nitakuja huko unakofikia kwa wakati utakaoupanga wewe. Na ikiwa lazima urudi Malindi asubuhi kabla hatujaonana, niachie ujumbe, nami nitapanda basi wiki ijayo nilione kasha mahali lilipo.

Kahawa itakuwa tayari, na halua pia. Kijana wangu ameomba yeye ndiye akumiminie.

Ni mimi mwanao,
Fundi na mwenye duka la makasha, Langoni