Maneno Tuliyoyakopa: Ripoti ya Mradi wa Historia ya Msamiati

Kundi la Pili, somo la Historia ya Kiswahili

"Basi, lete hela ya basi, dereva keshawasha gari."

Tulipoambiwa tuchague sentensi moja ya kuanzia, tukachagua hii kwa sababu ni ya kawaida kabisa; hakuna anayeisikia akageuka kumtazama msemaji. Neno "basi" la kwanza lilitufikia kutoka Uajemi na Uarabuni, likiwa na maana ya "imetosha". La pili ni la Kiingereza, chombo cha abiria. "Hela" ni la Kijerumani, "dereva" ni la Kiingereza tena, "gari" ni la Kihindi. Ukiyatoa yote hayo unabaki na "lete", "ya" na "keshawasha", na hapo ndipo penye mifupa ya lugha. Upatanisho ni wa Kibantu, wakati wa kitenzi ni wa Kibantu, mpangilio wa maneno ni wa Kibantu. Nomino ni wageni wote, lakini sheria za nyumba ni za mwenyeji.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kutafuta asili ya maneno. Tulipoendelea tuliona kwamba asili ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, na kwetu ndiyo tamu zaidi, ni jinsi neno lilivyopokelewa: limewekwa ngeli gani, limebadilishwa sauti gani, limepewa maana gani ambayo kwao halikuwa nayo.

Kumjua mgeni

Kufanana kwa sauti hakutoshi. Maneno mawili ya lugha mbili yanaweza kufanana kwa bahati tu, kwa hiyo kila neno tuliliandikia kadi yake, tukaliuliza maswali matatu: sauti zake zinaelezeka? Maana zinakaribiana? Wasemaji wa lugha hizo walikutana kweli, na walikutana kwa shughuli gani?

Kwa vitenzi kipo kipimo rahisi. Kitenzi cha Kibantu huishia kwa "a": soma, lala, cheka. Sasa tazama fikiri, safiri, jibu, sahau, samehe, furahi, kubali. Vyote ni vya Kiarabu. Kanusha uone tofauti: "ninasoma" inakuwa "sisomi", ile "a" inageuka "i", lakini "ninafikiri" inakuwa "sifikiri", mwisho haukuguswa. Hata hivyo vitenzi hivi havikuachwa kando, maana vinanyambuliwa kama vingine vyote: safirisha, jibiwa, fikiria, sameheana. Mwarabu hatambui "sameheana" hata ukimwandikia kwa herufi kubwa.

Kwa Kiingereza mambo ni tofauti. Vitenzi vyake havikuingia kwa wingi katika Kiswahili sanifu. Badala yake tunachukua nomino na kuitanguliza "piga". Tunapiga picha. Tunapiga deki pia, na "deki" hiyo ni neno la Kiingereza la sakafu ya meli, ile iliyosuguliwa na mabaharia. Siku hizi linasafisha sakafu za watu ambao hawajawahi kupanda hata mtumbwi.

Kiarabu na hesabu ya kumi

Kila anayeulizwa habari ya maneno ya mkopo hutaja kitabu, sahani na samaki. Sisi tunaona ushahidi mzito zaidi uko kwenye maneno madogo: lakini, au, wala, bali, hata, bila, kabla, baada. Lugha hukopa jina la kitu kipya haraka. Kukopa viunganishi ni jambo jingine; kunadai watu waishi pamoja vizazi kwa vizazi, wasomeshane, waoane na waandikiane. Jina la lugha yenyewe limetokana na neno la Kiarabu la pwani.

Tarakimu zinasimulia habari hiyo hiyo kwa namna ya kushangaza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kwa nini nane ilinusurika katikati ya wageni, hapo kundi letu lilibishana sana bila kuafikiana. Tulichokipata kwa uhakika ni nyayo za tarakimu za zamani. Sita iliitwa "mtandatu". Saba imebaki ndani ya "fungate", zile siku saba za maharusi baada ya ndoa. Tisa ilikuwa "kenda", na kila anayetaja Wamijikenda anaitamka bila kufikiri: miji kenda, yaani miji tisa. Kuanzia ishirini mpaka tisini, Kiarabu kimetawala.

Halafu kuna siku za juma. Jumamosi ni siku ya mosi, ya kwanza baada ya Ijumaa, na hesabu inaendelea kwa Kibantu: pili, tatu, nne, tano. Tukifika Jumatano tunaacha hesabu yetu na kudandia ya Waarabu: Alhamisi, ambayo kwao nayo ni siku ya tano, kwa kuwa wao huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna anayekosa miadi kwa ajili hiyo.

"Kitabu" hatukukusudia kulizungumzia kwa kuwa limeshasemwa mno, ila haliepukiki. Kwa Kiarabu "ki" ya mwanzo ni sehemu ya mzizi. Waswahili waliisikia kama kiambishi chao cha ngeli, wakaunda "vitabu". Ndugu zake wa mzizi mmoja, katibu na maktaba, hawakufanyiwa hivyo. Katibu ni mtu, kwa hiyo wingi wake ni makatibu, na hakuna aliyejaribu kusema "vatibu".

Wareno, na kanisa lililogeuka jela

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno walijenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593 na kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Katika miaka hiyo yote walituachia vitu vya kushika kwa mkono: meza, kopo, kasha, bendera, foronya, mvinyo, parafujo. Na karata pamoja na turufu yake. Viunganishi hakuna. Hilo peke yake linaonyesha waliishi nasi vipi.

Neno lao lililotuchukulia muda mwingi ni "gereza". Asili yake ni "igreja", kanisa. Sauti hazina tatizo: irabu ya mwanzo imedondoka, na kati ya "g" na "r" ikachomekwa "e", kwa kuwa Kiswahili hakikupenda konsonanti hizo zibanane. Swali ni maana. Kanisa linakuwaje jela?

Jibu linapatikana Zanzibar. Mahali ilipo Ngome Kongwe, Wareno walikuwa na kanisa. Waomani walipowatoa, walijenga ngome papo hapo, na katika karne ya 19 ngome hiyo ikatumika kufungia watu. Jengo lilibadilika, jina la mahali likabaki. Katika Kiswahili cha zamani "gereza" lilimaanisha pia ngome, na maana hiyo ya kati ndiyo daraja tunalolihitaji: kanisa, kisha ngome, kisha jela. Wenzetu wa Kundi la Kwanza walipendelea maelezo kwamba mfungwa na muumini wote hukaa kimya. Yanachekesha, ila hayana ushahidi.

Pesa ni ya nani?

Neno "pesa" baadhi ya watu hulipeleka kwa Wareno, kwenye "peso". Sisi tunalipeleka Bara Hindi. "Peso" kwa Kireno ni uzito. "Paisa" ni sarafu ndogo, sehemu ya rupia, na rupia ya Kihindi ilizunguka pwani yetu karne ya 19 hata ikawa fedha rasmi ya himaya ya Waingereza Afrika Mashariki mpaka ilipoondolewa mwaka 1920. Sauti zinakubali pande zote mbili, lakini maana na historia ya biashara vinaelemea upande mmoja. Tena halikuja peke yake. Laki na cheti yalikuja kwa mlango huo huo wa biashara, na bepari pia, ambaye kwao alikuwa mfanyabiashara tu. Siasa za baadaye ndizo zilizompa jina baya.

Shule na skuli

Kijerumani kilikaa muda mfupi na kuacha maneno machache, lakini machache hayo yamekita. "Hela" ni Heller, sarafu iliyoanza kutumika katika koloni la Wajerumani mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu yenyewe imekufa zamani. Jina limepanda cheo likawa la fedha yoyote.

"Shule" nalo ni la Kijerumani. Zanzibar, iliyowekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, watu wengi husema "skuli". Mkondo wa bahari mwembamba, watawala wawili, maneno mawili kwa jengo lile lile. Shule ndilo lililosambaa mpaka Kenya, ambako Mjerumani hakutawala, na huo ndio uthibitisho kwamba neno likishakuwa la Kiswahili halisafiri tena na bendera ya aliyelileta.

Maneno ya Kiingereza ni mengi mno, tunataja yaliyotufurahisha. "Kipilefti", mzunguko wa barabarani, limetokana na amri ya Kiingereza ya kumtaka dereva ashike kushoto. Likasikika lina "ki", likapata wingi: vipilefti. "Waya" likapewa wingi "nyaya", kana kwamba lilizaliwa pamoja na wimbo na nyimbo. "Manowari", meli ya vita, ni maneno matatu ya Kiingereza yaliyobanwa yakawa moja.

Wageni wasiotambulika

Kamati ya Lugha ilianza kazi ya kusanifisha mwaka 1930, na BAKITA iliundwa Tanzania mwaka 1967. Vyombo vya namna hii na wataalamu wengine wamependekeza maneno mengi ili tusikope ovyo. Kwa mashine ya kuchakata taarifa tumepewa "tarakilishi" na "ngamizi". Mitaani watu wanasema kompyuta na wanaelewana. "Simu" halikuhitaji kuundwa: lilikuwepo, kutoka neno la Kiajemi la waya, na limeendelea kutumika hata kwa simu zisizo na waya wowote.

Mikopo iliyotusumbua kuliko yote ni ile ya kutoka kwa jirani wa karibu. "Ikulu" limetoka katika lugha za bara kama Kinyamwezi na Kisukuma. Vipimo vyetu vyote vinalipita bila kelele, kwa kuwa sauti ni zetu, silabi ni zetu na umbo ni letu. Bila mtu anayezijua lugha hizo, kadi ya "ikulu" ingebaki kwenye fungu la wenyeji. Na ndivyo ilivyotokea kwa "ngeli", neno tulilokuwa tukiliandika kwenye kila kadi ya mradi huu tangu mwanzo, mpaka mwenzetu Mhaya alipoliona akasema hilo ni la kwao.