Insha ya Maombi ya Ufadhili: Shahada ya Ukunga na Utumishi wa Miaka 3 Vijijini

Februari 2022, katika zahanati moja ya wilayani Liwale nilikokuwa najitolea baada ya kuhitimu stashahada ya uuguzi na ukunga, mama mmoja alijifungua salama saa nane usiku, lakini kondo la nyuma likagoma kutoka. Nilimchoma oksitosini tuliyoihifadhi kwenye friji ya chanjo, nikamtundikia dripu, huku mwenzangu akipiga simu kuita gari la wagonjwa, ambalo kwa matope ya barabarani lilifika alfajiri. Kulitoa kondo kwa mkono nilikuwa nimekusoma darasani tu, nami sikuthubutu. Mama yule alinusurika hospitalini. Alipoleta mtoto kliniki aliniuliza kwa upole, "Na wewe nesi, unaondoka lini?"

Hakuwa akinilaumu. Mara zote tatu alizojifungua alihudumiwa na wauguzi watatu tofauti, na kila aliyeondoka aliondoka na imani ambayo mgeni huanza kuijenga upya, hasa kwa bibi wa Kingindo anayeamua kama mkwewe ajifungulie nyumbani au zahanati.

Natambua kwamba ahadi ya kurudi kijijini ni nyepesi kuandikwa na mtu anayehitaji ada, kwa hiyo naomba nipimwe kwa niliyokwisha kuyatenda. Mwaka ule nilipata nafasi ya kazi Dar es Salaam, yenye mshahara kamili, wakati mimi naishi kwa posho ambayo miezi mingine haikufika, katika nyumba ya watumishi iliyokuwa ikivuja juu ya kitanda. Sitaficha kwamba nilikaa wiki 3 bila kuamua. Nilibaki, na mwaka uliofuata nikaajiriwa katika wilaya hiyohiyo, ambako ninatumikia hadi leo.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapahapa Liwale. Uhamisho wa kufuata mwenza, ambao huwaondoa vijijini watumishi wengi wanawake, kwangu mimi ndio unaonibakiza, na tulikaa na wazazi wa pande zote mbili tukakubaliana juu ya miaka ya masomo na miaka 3 mnayoidai, kabla sijajaza fomu yenu.

Nimeomba kusoma Shahada ya Ukunga katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kwa sababu nataka mikono iliyozoezwa vya kutosha kutenda nilichoshindwa usiku ule, kisha niwafundishe wauguzi wapya wa zahanati jirani, zamu kwa zamu, wakiwa kazini kwao. Kuhusu kituo cha kazi nina ombi moja: nisibakizwe hospitali ya wilaya mjini, bali nipangwe kwenye zahanati ambayo usiku muuguzi hubaki peke yake na simu yake.