Majibu ya karatasi yako ya Hisabati, Darasa la Saba

Marahaba, mpwa wangu. Picha imefika. Kivuli cha simu kimeangukia upande wa kulia na karatasi imekunjwa katikati, lakini maswali sita yanasomeka. Kwa kuwa umetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, hesabu zenyewe unaziweza, maneno ndiyo yanakukwamisha. Kwa hiyo kila swali naligeuza kwanza kuwa alama unazozijua, ndipo tukokotoe.

Swali la 1. "Tafuta kipeuo cha pili cha 1,764."
Mkunjo umepita juu ya neno hilo, kwa hiyo linaweza kuwa *kipeo* au *kipeuo*. Kipeo cha pili cha n ni n². Kipeuo cha pili cha n ni √n. Nimesoma kipeuo, maana 1,764² ni 3,111,696, na sidhani kama mwalimu angewapa mzigo huo. Tena namba yenyewe inavunjika vizuri kwa namba tasa:
1,764 = 2² × 3² × 7²
√1,764 = 2 × 3 × 7 = 42

Swali la 2. "Tafuta KDS na KKS ya 24, 36 na 40."
Hapa wengi huteleza. *Kigawo* cha 24 ni namba inayoigawa 24 bila baki, kama 6. *Kigawe* cha 24 ni zao la 24, kama 48. KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika, KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika. Usishtuke kuona "kidogo" kikitoa jibu kubwa kuliko "kikubwa".
24 = 2³ × 3
36 = 2² × 3²
40 = 2³ × 5
KDS: chukua kila namba tasa kwa kipeo chake cha juu kabisa, 2³ × 3² × 5 = 360.
KKS: chukua zile zilizomo kwenye namba zote tatu, kwa kipeo cha chini kabisa, 2² = 4.

Swali la 3. "Rahisisha: 18 − 12 ÷ 3 × 2 + 5."
Pembeni mwalimu ameandika MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kizuri, ila ukikifuata kibubusa hapa kitakupoteza.
12 ÷ 3 = 4, kisha 4 × 2 = 8. Inabaki 18 − 8 + 5.
Mtu akisema JU inatangulia TO, atajumlisha 8 + 5 = 13, halafu 18 − 13 = 5. Si sahihi, kwa sababu alama ya kutoa ni ya 8 peke yake. Ukitaka kujumlisha kwanza, jumlisha zenye alama ya chanya: 18 + 5 = 23, kisha 23 − 8 = 15.

Swali la 4. "Jumla ya namba shufwa tatu zinazofuatana ni 78. Ipi ni kubwa kuliko zote?"
Shufwa ni zile zinazogawanyika kwa 2; wenzake ni witiri. Zinapishana kwa 2, basi:
n + (n + 2) + (n + 4) = 78
3n = 72, n = 24
Wameuliza kubwa, si ya kwanza: 24 + 4 = 28.

Swali la 5. "Asili ya sehemu inazidi kiasi chake kwa 5. Ukiongeza 3 kwenye kiasi na kwenye asili, unapata ⅔. Sehemu hiyo ni ipi?"
Kiasi kinakaa juu ya mstari, asili inakaa chini. Kiasi kiwe k, asili itakuwa k + 5:
(k + 3)/(k + 8) = 2/3
3k + 9 = 2k + 16
k = 7
Sehemu ni 7/12. Hakiki: 10/15 = 2/3.

Swali la 6. "Tafuta mzingo wa nusu duara lenye kipenyo cha sm 14. (π = 22/7)"
Kipenyo ni d; nusu kipenyo ni r. Usichanganye nusu kipenyo na nusu duara, hilo la pili ni umbo. Mzingo ni urefu wa kulizunguka umbo lote, kwa hiyo mstari ulionyooka nao umo:
½πd + d = ½ × 22/7 × 14 + 14 = 22 + 14 = sm 36
Ukiandika 22 umepima upinde tu.

Swali la 7 limekatwa. Naona "mche duara" na "mjao", yaani V = πr²h, lakini vipimo vimebaki nje ya picha. Ipige tena karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelazwa mezani, unitumie kabla ya saa mbili usiku.

Mjomba