Swali la 4: Kiwanda kidogo cha sabuni (alama 20), pamoja na jibu la msahihishaji

Kiwanda kimoja cha Morogoro huuza mche wa sabuni kwa Sh 3,000. Kila mche hula mafuta ya mawese ya Sh 1,250, kostiki soda Sh 350, karatasi Sh 100 na ujira wa kukata Sh 150. Muuzaji hulipwa kamisheni ya 5% ya bei. Kwa mwezi kuna pango Sh 600,000, mshahara wa msimamizi Sh 900,000, ulinzi Sh 300,000, uchakavu wa mashine Sh 400,000, na leseni na bima Sh 200,000. Mauzo yanayotarajiwa ni miche 3,200.

(a) Tafuta mchango wa kila mche. (alama 4)
(b) Ni miche mingapi inarudisha gharama bila faida wala hasara? (alama 4)
(c) Tafuta kiasi cha usalama na faida. (alama 4)
(d) Mwenye kiwanda anataka kushusha bei iwe Sh 2,800 ili auze miche 3,900. Mshauri. (alama 8)

JIBU

(a) Kamisheni ni Sh 150, kwa hiyo gharama zinazobadilika ni Sh 2,000. Mchango ni 3,000 − 2,000 = Sh 1,000.

(b) Gharama zisizobadilika jumla yake ni Sh 2,400,000. Uchakavu umo, ingawa hakuna fedha inayotoka, wengi huuacha.
2,400,000 ÷ 1,000 = miche 2,400, yaani mauzo ya Sh 7,200,000.

(c) 3,200 − 2,400 = miche 800, sawa na 25% ya mauzo yanayotarajiwa. Gawanya kwa 3,200, si kwa 2,400. Faida ni 800 × 1,000 = Sh 800,000, maana kila mche unaopita ule wa 2,400 huleta mchango wake wote kama faida.

(d) Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Bei ikishuka, kamisheni nayo hushuka hadi Sh 140. Ukiiacha 150, utapata mchango wa Sh 800 na kila hesabu inayofuata itapinda. Gharama zinazobadilika sasa ni Sh 1,990, mchango Sh 810.
2,400,000 ÷ 810 = 2,962.96, hivyo miche 2,963. Tunapandisha, kwa kuwa kwa miche 2,962 bado kuna hasara ndogo.
Kiasi cha usalama: 3,900 − 2,963 = miche 937, au 24%.
Faida: (3,900 × 810) − 2,400,000 = Sh 759,000.

Miche ya usalama imeongezeka kutoka 800 hadi 937, na mtahiniwa mwenye haraka ataandika kwamba biashara imekuwa salama zaidi. Sivyo: kwa asilimia imepungua, na faida imeshuka kwa Sh 41,000 huku watu wakikata miche 700 zaidi. Ili faida ibaki Sh 800,000 anahitaji 3,200,000 ÷ 810, yaani miche 3,951. Asishushe bei, isipokuwa ana hakika ya kuuza zaidi ya hiyo.