Simu ya video na Bibi: Jumapili, 1 Novemba 2026

Asalaam alaykum ndugu zangu nyote, wa hapa na wa mbali.

Alhamdulillahi, Bibi ametolewa mtoto wa jicho la kulia na bandeji imeshafunguliwa. Jana alinishika kidevu, akanitazama weee, akasema, "Mwanaidi, kumbe na wewe umeshaota mvi!" Sasa anataka kuwaona nyote siku moja, na watoto wenu. Sauti za kurekodi kasema hazitaki tena, anataka sura.

Kwa hiyo Jumapili tunakutana. Kila mtu asome mstari wa mji wake tu:

Tanga na Dar es Salaam: saa 11 jioni (17:00)
Maskati: saa 12 jioni (18:00)
London: saa 8 mchana (14:00)
Toronto: saa 3 asubuhi (09:00)

Kwenye mabano ni saa itakavyosomeka kwenye simu. Watoto waliozaliwa huko waonyesheni hiyo.

Shangazi, nyinyi wa Toronto naomba mnisikilize vizuri. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo hiyo saa zenu zinarudishwa nyuma. Leo tumepishana saa 7, lakini tukiamka Jumapili zitakuwa 8. Mkihesabu kwa mazoea mtaingia saa 4 asubuhi, na sisi huku tutakuwa tumeshakata. Simu itajibadilisha yenyewe, ila saa ya ukutani isogezeni kabla ya kulala. London walishabadilisha Jumapili iliyopita, kwa hiyo hesabu yao ya saa 3 haigeuki tena. Maskati hawabadilishi, kama sisi.

Baba Mdogo, najua Jumapili kwenu ni siku ya kazi. Ndiyo maana sikuiweka mapema. Saa 12 utakuwa umeshatoka kazini na Magharibi umeshaswali. Kwetu Magharibi inaingia kama saa 12 na robo, kwa hiyo tutamaliza saa 12 kamili ili Bibi apate nafasi ya kutawadha bila haraka. Tuna saa moja tu, tafadhali tusiimalize kwa kuulizana "mnanisikia?"

Mimi ndiye nitakayepiga, humu humu kwenye kundi. Nyinyi pokeeni tu. Msikae dirisha likiwa nyuma yenu, maana Bibi ataona kivuli badala ya uso. Simu iegemezeni mahali, isitikisike, jicho bado halijazoea.

Tutaanza na Toronto, kwa sababu yule mtoto mchanga Bibi hajawahi kumwona hata kwa picha akaielewa. Halafu London, kisha Maskati. Dar mtasubiri kidogo, nyinyi mnakuja Desemba.

Kila nyumba ijibu hapa kabla ya Ijumaa usiku, na muandike saa ya mji wenu nione kama tumeelewana. Kama kuna wa zamu siku hiyo aniambie mapema, nitampigia yeye peke yake Jumamosi aonane na Bibi.

Mwanaidi